Desibeli 13 Zaidi ni Kelele Mara Ngapi? Hesabu ya Mtu Aliye Dirishani

Swali hili hunijia kwa sura mbili. Mpangaji wa Roysambu anapima kelele za baa iliyo ng'ambo ya barabara, simu inamwandikia 66. Muziki ukinyamaza anapima tena, anapata 53. Kisha ananiuliza, "Kwa hiyo hii baa inaongeza robo tu?" Sura ya pili hutoka kanisani: "Fundi, tukitoa amplifaya ya wati 500 tuweke ya 1000, sauti si itakuwa mara mbili?" Wote wawili wanahesabu desibeli kama mtu anavyohesabu shilingi, na ndiyo maana majibu yao yanaenda kombo. Kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti, na maswali haya yamerudi mara nyingi kiasi kwamba ni heri niyaandikie hesabu nzima mahali pamoja.

Nitafuata kisa cha mpangaji mwanzo hadi mwisho kwa namba hizo hizo, 66 na 53. Ni namba za mfano. Wewe utaweka zako.

Nadharia ni kidogo sana. Desibeli inakuambia sauti imezidishwa mara ngapi. Ukiongeza desibeli 10, nguvu ya sauti imezidishwa kwa 10. Ukiongeza nyingine 10, imezidishwa kwa 10 tena, kwa hiyo sasa ni mara 100. Ukiongeza 3, imezidishwa kwa 2, ukiacha vidogo vidogo. Ninaposema nguvu, nina maana ya nishati ya sauti inayofika kwenye maikrofoni yako kila sekunde. Sikio lina hesabu yake tofauti, na tutaifikia katika hatua ya sita. Usiikimbilie kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye programu ya kupima kelele inayoweza kuonyesha wastani wa muda. Kwenye programu nyingi wastani huo umeandikwa `Leq` au `LAeq`. Namba inayorukaruka kila sekunde haitakusaidia.
- Kikokotoo chenye kipeo. Kwenye simu nyingi ukiilaza simu ubavu, vitufe vya ziada hujitokeza, na unachotafuta ni `10^x`, `x^y` au alama ya `^` peke yake. Ukikosa kabisa, andika hesabu kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google.
- Karatasi ya kuandika saa, mahali uliposimama, na namba. Karatasi hii ina thamani kuliko unavyodhani, kwa sababu namba mbili zisizojulikana zilipimwaje hazilinganishiki.

Hatua ya 1: Pima mara mbili, mahali pale pale

Fungua dirisha, nyoosha mkono nje kidogo maikrofoni ielekee baa, na usizibe tundu lake kwa kidole. Acha programu ikusanye wastani wa dakika tano muziki ukiwa unapiga. Andika.

Kipimo cha pili ndicho kigumu, kwa sababu unataka kila kitu kibaki vile vile isipokuwa muziki. Watu wengi husubiri baa ifungwe saa kumi usiku ndipo wapime "kimya". Hapo umekosea, kwa sababu saa kumi usiku Thika Road nayo imetulia, na tofauti utakayopata si ya baa peke yake. Ni ya baa pamoja na magari yaliyokwenda kulala. Bahatika na muziki kukatika wakati barabara bado ina shughuli: DJ anabadilishana na mwenzake, au stima inapotea na jenereta yao bado haijawashwa. Dakika moja au mbili za hapo zinafaa kuliko dakika tano za alfajiri. Tuseme mpangaji wetu alipata 66 saa nne usiku, na saa nne na dakika kumi stima ikapotea, akapata 53.

Onyo: usisogee hata kidogo kati ya vipimo viwili. Ukirudi ndani ya chumba hatua tatu, desibeli kadhaa zimepotea bila baa kugusa kitufe. Na usitumie simu yako kwa kipimo cha kwanza kisha ya jirani kwa cha pili. Kila maikrofoni ina upotofu wake. Simu yako ikizidisha 4 kila mara, itazidisha 4 kwenye vipimo vyote viwili, na ukitoa kimoja kwa kingine zile 4 zinafutana. Ndiyo sababu simu ya kawaida inaweza kukupa tofauti ya kuaminika hata kama namba zake zenyewe si za kuapia.

Hatua ya 2: Toa

66 − 53 = 13. Hiyo ndiyo tofauti. Usigawanye 66 kwa 53. Ukigawanya utapata 1.25, yaani ile "robo tu" ya mpangaji, namba isiyo na maana yoyote.

Hatua ya 3: Gawanya tofauti kwa 10

13 ÷ 10 = 1.3.

Hatua ya 4: Pandisha 10 kwa kipeo hicho

Kwenye simu yenye `10^x`, andika 1.3 kisha bonyeza kitufe hicho. Kwenye nyingine unaanza na 10, unabonyeza `^`, kisha 1.3. Ukitumia Google au jedwali la kompyuta, andika hivi, ukianza na alama ya `=` kama ni jedwali:

```
10^((66-53)/10)
```

Jibu ni 19.95. Sema 20. Baa ikipiga muziki, dirishani kwa mpangaji inafika nguvu ya sauti mara 20 ya ile iliyokuwepo bila muziki. Mtu aliyedhani ni robo zaidi alikuwa mbali sana.

Hatua ya 5: Hakikisha kichwani

Kikokotoo hakijui kama umebonyeza vibaya, kwa hiyo jizoeze njia ya mkato. Unahitaji kukumbuka mambo matatu: desibeli 10 ni mara 10, desibeli 3 ni mara 2, na desibeli 1 ni mara 1.26. Vunja tofauti yako katika vipande hivyo, kisha zidisha. 13 ni 10 na 3, kwa hiyo 10 × 2 = 20. Inakubaliana na kikokotoo.

Vipande vinaweza pia kutolewa, na mara nyingi hiyo ndiyo njia fupi. Desibeli 17 ni 20 kutoa 3, yaani 100 kugawanya kwa 2, ambayo ni 50. Desibeli 4 ni 3 na 1, yaani 2 × 1.26, karibu 2.5. Ukifanya hesabu hii mara kadhaa utaanza kuijibu kabla ya mtu kumaliza kuuliza.

Kosa la hapa ni moja: mtu anavunja 13 kuwa 10 na 3, anapata 10 na 2, kisha anajumlisha na kusema mara 12. Desibeli ndizo zinazojumlishwa. Mara huzidishwa.

Hatua ya 6: Sasa uliza sikio

Mara 20 ya nguvu haina maana kwamba mpangaji anasikia kelele mara 20. Sikio la binadamu hubana mambo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ongezeko la desibeli 10 husikika kama sauti imekuwa mara mbili. Kwa hiyo chukua tena ile 1.3 ya hatua ya tatu, lakini safari hii uiweke kwenye 2 badala ya 10:

```
2^(13/10)
```

Jibu ni 2.46. Mpangaji anasikia kelele karibu mara mbili na nusu. Namba zote mbili ni za kweli, kila moja kwa swali lake. Ukiwa unaeleza nishati inayotoka kwenye mitambo, sema mara 20. Ukiwa unaeleza usumbufu wa mtoto anayejaribu kulala, mara mbili na nusu ndiyo iliyo karibu zaidi na anachosikia. Kanuni hii ya sikio ni ya wastani wa watu wengi. Haifanyi kazi vizuri kwa besi nzito, wala kwa sauti ndogo sana.

Hapa ndipo yule muulizaji wa kanisani anapata jibu lake. Kutoka wati 500 hadi wati 1000 ni mara 2 ya nguvu, ambayo ni desibeli 3. Ukiweka 3 kwenye hesabu ya sikio, `2^(3/10)`, unapata 1.23. Waumini watasikia nyongeza, lakini hakuna atakayesema imekuwa mara mbili. Ili waisikie mara mbili anahitaji desibeli 10, yaani wati 5000, na spika alizonazo zitaungua kabla hajafika huko. Mara nyingi huwa nawaambia waziinue spika juu na kuzielekeza kwenye viti vya nyuma, fedha zikae benki.

Hatua ya 7: Ondoa barabara, ubaki na baa

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoleta mabishano mwenye baa anapodai ameshapunguza.

Ile 66 si ya baa peke yake. Ni baa pamoja na barabara. Hesabu kwa mafungu: barabara ni fungu 1, na jumla ni mafungu 20. Kwa hiyo baa peke yake ni mafungu 19. Tofauti hapa ni ndogo, unaweza kuipuuza.

Sasa tuseme mpangaji alilalamika, baa ikapunguza, na wiki iliyofuata, siku na saa ile ile, simu ikasoma 57. Barabara bado ni 53. Ukiangalia haraka unasema zimeshuka desibeli 9, kutoka 66 hadi 57, yaani nguvu imepungua mara 8 hivi. Hiyo ni kweli kwa kelele zote zinazofika dirishani. Lakini je, baa yenyewe imepunguza kiasi gani?

57 − 53 = 4, na desibeli 4 ni mara 2.5. Jumla sasa ni mafungu 2.5, barabara ni fungu 1, kwa hiyo baa ni fungu 1.5. Mwanzoni baa ilikuwa mafungu 19. 19 ÷ 1.5 ni karibu 12.7. Baa imepunguza nguvu ya muziki wake karibu mara 12 na nusu, ambayo ni desibeli 11, wakati simu imeonyesha 9 tu. Mwenye baa akisema "nimepunguza sana kuliko hiyo simu yako inavyosema", safari hii ana haki. Kati ya mafungu 2.5 yaliyobaki dirishani, fungu 1 ni la barabara, na hata angezima muziki wote namba isingeshuka chini ya 53.

Onyo: tofauti ikiwa chini ya desibeli 3, usifanye hatua hii. Hapo baa ni ndogo kuliko barabara, na kosa la desibeli moja katika kipimo linaharibu jibu lote. Kwa tofauti ya 2, jumla ni mafungu 1.58, kwa hiyo baa ni 0.58. Kama kipimo kilikosea kwa 1 na tofauti ya kweli ni 1, baa ni 0.26. Jibu limepungua zaidi ya nusu kwa kosa dogo ambalo simu yoyote inaweza kulifanya.

Kulinganisha na kiwango cha sheria

Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zimeweka kikomo cha usiku kwa maeneo ya makazi kuwa desibeli 35, na usiku huo unaanza saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watu hupenda kuingiza 35 kwenye hesabu: 66 − 35 = 31, na desibeli 31 ni 30 na 1, yaani 1000 × 1.26. Mara 1,260! Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini soma mambo mawili kabla hujaituma kwenye kundi la WhatsApp la ploti.

Kwanza, barabara peke yake iko 53. Hiyo ni desibeli 18 juu ya kikomo, karibu mara 63, kabla baa haijafungua mlango. Ukimtwika mwenye baa mara 1,260 zote, atakuonyesha magari na hoja yako itayumba. Dai la nguvu zaidi ni lile la hatua ya nne: muziki wake umezidisha kelele za mahali hapa mara 20.

Pili, ule upotofu wa simu uliofutika tulipotoa kipimo kwa kipimo haufutiki hapa, kwa sababu 35 haikupimwa na simu yako. Simu ikizidisha 4, tofauti inazidi kwa 4 na jibu linakuwa mara 2.5 ya ukweli. Vilevile kikomo cha sheria ni wastani wa usiku mzima, si wa dakika tano. Kipimo chako kinatosha kumfanya mtu wa NEMA au wa kaunti aone sababu ya kuja na mita iliyosawazishwa. Ushahidi ni ule watakaoupima wao.

Jibu likikataa

*Umepata namba chini ya 1, kama 0.05.* Umetoa kinyume, 53 − 66. Hakuna kilichoharibika. 0.05 ni moja ya ishirini, maana yake barabara ni moja ya ishirini ya jumla. Geuza utoe kubwa kwa ndogo.

*Umepata namba yenye sifuri nyingi mno.* Umesahau kugawanya kwa 10, ukapandisha 10 kwa 13.

*Umepata 4.47 badala ya 20.* Umegawanya kwa 20. Kanuni hiyo ipo na ni halali, lakini inatoa uwiano wa shinikizo la sauti. Ukizidisha 4.47 kwa yenyewe unarudi kwenye 20. Wengi huchanganyikiwa kwa kuwa maikrofoni hupima shinikizo, wakadhani lazima watumie 20. Desibeli ni zile zile. Swali lako likiwa la nguvu, unagawanya kwa 10.

*Usiku wa manane simu haishuki chini ya namba fulani.* Hiyo inaweza kuwa kelele ya simu yenyewe. Iweke ndani ya kabati la nguo, funga milango, uone inasoma ngapi. Kama chumbani inasoma 38 na kabatini pia 38, hicho ndicho kikomo cha chini cha maikrofoni, na kipimo chochote kilicho karibu nacho usikitumie kutoa tofauti.

*Karibu na spika namba haipandi tena.* Maikrofoni imejaa. Ukisogea hatua mbili mbele na namba ikabaki pale pale, rudi nyuma hadi ianze kubadilika.

*Kioo cha dirisha kinatetemeka lakini simu inasema kelele ni kidogo.* Angalia kama imewekwa kwenye kipimo cha A, ambacho skrini huandika `dBA`. Kipimo hicho hupunguza sauti nzito makusudi ili kifanane na sikio. Kwenye hezi 63, ambako besi ya baa inakaa, kinakata desibeli 26. Pitisha 26 kwenye hesabu yetu: 20 na 6, yaani 100 × 4. Besi imegawanywa kwa 400 kabla ya kuingia kwenye namba unayoisoma. Kama programu yako ina kipimo cha C, `dBC`, pima mara mbili tena kwa hicho, muziki ukipiga na ukiwa umekatika, uone tofauti mpya. Ikiwa ni kubwa kuliko ile ya A, shida yako ni besi, na kufunga dirisha hakutakusaidia sana. Mwambie mwenye baa apunguze sabwufa peke yake, ambalo ni ombi jepesi zaidi kukubaliwa kuliko kumwambia azime muziki. Usichanganye tu: A itolewe kwa A, na C kwa C.